Mama huyu yuko wapi kwenye jedwali lako?

Swali lililonikwamisha siku ya kutetea tasnifu yangu ya uzamili lilikuwa fupi. Mtahini alifungua ukurasa wenye jedwali la nne, akaweka kidole kwenye mstari mmoja, kisha akafunua hadi sura iliyofuata, ile yenye maneno ya akina mama niliowahoji. "Mama huyu anayesema alichelewa kuanza kliniki kwa sababu ya mume wake," akaniuliza, "yuko wapi kwenye jedwali hili?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu hakuwamo. Madodoso yangu niliyakusanya bila jina wala namba ya simu, nikiamini kwamba hiyo ndiyo maana ya kutunza siri za watu. Fomu ya ridhaa haikuwa na hata mstari mmoja wa kuomba ruhusa ya kuwarudia. Takwimu zilipotoka na kunionyesha kundi la wanawake ambao tabia yao haikueleweka, sikuwa na njia ya kuwapata. Nikamwomba muuguzi wa zamu aniitie wanawake wowote waliokuwa kwenye benchi siku hiyo. Nikawahoji kwa mwongozo uleule niliokuwa nimeuandika kwenye pendekezo la utafiti, miezi mingi kabla ya dodoso la kwanza kujazwa. Halafu kwenye sura ya tatu nikaandika kwamba nimetumia mbinu mchanganyiko kwa muundo wa mfuatano, yaani takwimu kwanza, kisha mahojiano ya kuzifafanua. Haikuwa kweli. Zilikuwa tafiti mbili ndogo ndani ya jalada moja, na kila moja ingeweza kuishi bila mwenzake.

Nimekaa na kosa hilo miaka kadhaa, na sasa ninapowasaidia wanafunzi naliona likijirudia kila msimu wa mapendekezo. Wengi wanaweza kukutajia majina ya miundo. Kinachowashinda ni kueleza mahali hasa ambapo takwimu na maelezo ya watu vinagusana. Ndiyo maana naandika kuhusu mahali hapo tu.

Tuanze na majina, kwa sababu huku kwetu kila chuo kina tafsiri yake. Muundo ambao John Creswell na Vicki Plano Clark, waandishi wa vitabu vya mbinu mchanganyiko, wanauelezea kama wa mfuatano wenye kufafanua ni ule unaoanza na takwimu, ukazichambua zikaisha, kisha ukaenda kwa watu kuuliza kwa nini takwimu zimetoka hivyo. Kwenye maandishi ya kitaalamu utaukuta umefupishwa `QUAN → qual`: QUAN ni takwimu, qual ni maelezo ya watu, na herufi kubwa zinaonyesha upande uliopewa uzito. Mshale ndio habari yenyewe: cha pili kinazaliwa na cha kwanza. Muundo wa pili, ninaouita hapa wa kukutanisha, unaandikwa `QUAN + QUAL`. Takwimu na mahojiano hukusanywa katika kipindi kimoja, kila kimoja huchambuliwa kwa taratibu zake, na mwishoni matokeo huletwa meza moja yakalinganishwa. Nitaita kila upande mkondo, kwa sababu ni maji mawili yanayotafuta mahali pa kukutana. Kwenye mfuatano, mkondo mmoja unamwagika ndani ya mwingine katikati ya safari. Kwenye kukutanisha, inakutana mwishoni.

Nitachukua mada yangu ileile ya zamani niitengeneze upya, safari hii sawasawa. Namba nitakazotaja katika mfano huu ni za kufundishia tu. Sikuzitoa kwenye utafiti wa mtu yeyote.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, linashauri mjamzito aonane na mtoa huduma angalau mara 8, na mara ya kwanza iwe ndani ya wiki 12 za mwanzo. Tuseme tumewadodosa wanawake 400 katika wilaya moja, tukauliza umri, elimu, umbali hadi kituo, idadi ya mimba zilizotangulia, na wiki ya mimba walipoanza kliniki. Tunajenga modeli ya lojistiki inayokadiria uwezekano wa kuanza mapema. Inatoka vizuri: wenye elimu ya sekondari na wanaoishi karibu na kituo wanaanza mapema zaidi. Watafiti wengi wanaishia hapo, kisha wanakwenda kuwauliza wanawake "changamoto za kuhudhuria kliniki". Kwa nini uulize hivyo? Modeli imeshakuambia habari ya umbali. Kisichojulikana ni wale waliokwenda kinyume nayo.

Hapo ndipo kiungo cha kwanza cha mfuatano kilipo: nani anahojiwa. Modeli inampa kila mwanamke uwezekano wake, tena tunajua alifanya nini kweli. Kwa hiyo tunaweza kuwatafuta waliotarajiwa kabisa kuwahi lakini wakachelewa. Kwenye Stata, programu ya kuchambua takwimu, ni mistari mitatu:

```
logit mapema umri elimu umbali mimba
predict p
list namba p if p > 0.7 & !missing(p) & mapema == 0 & ridhaa == 1
```

Kile kipande cha `!missing(p)` msikiruke. Stata huichukulia thamani iliyokosekana kuwa kubwa kuliko namba yoyote, kwa hiyo mwanamke ambaye umbali wake haukujazwa atajitokeza kwenye orodha kana kwamba uwezekano wake ni mkubwa. Unaweza kusafiri kilomita 40 kwenda kumwuliza mtu kwa nini alikwenda kinyume na modeli, kumbe modeli haikuwahi kumwona.

Tuseme orodha inatupa wanawake 19. Hatuwahoji hao peke yao. Tunaongeza wachache waliofanana nao kila kitu lakini wakawahi, na wachache ambao modeli ilitabiri watachelewa na wakachelewa kweli. Sababu yake itaonekana muda si mrefu.

Kiungo cha pili ni maswali yenyewe. Mwongozo wa mahojiano unaandikwa baada ya takwimu kuchambuliwa, ukiwa umelenga fumbo lililojitokeza. Kwa mwanamke mwenye elimu, anayeishi dakika kumi kutoka kituoni, aliyeanza kliniki wiki ya 24, swali zuri ni kumwomba asimulie tangu siku aliyojijua kuwa ni mjamzito hadi siku aliyopewa kadi, wiki kwa wiki: nani aliambiwa kwanza, nani alisema nini, alijaribu kwenda lini. Nina kipimo kimoja ninachowapa wanafunzi, na sijaona bora kuliko hicho. Chukua mwongozo wako wa mahojiano, ujiulize kama ungeweza kuandikwa vilevile kabla ya dodoso la kwanza kujazwa. Kama ndiyo, ule mshale kwenye `QUAN → qual` haupo, hata kama ulikusanya hiki kabla ya kile.

Sasa tuone kinachoweza kutoka. Katika vituo vingi vya Tanzania mjamzito huambiwa hudhurio la kwanza aje na mwenza wake, hasa kwa ajili ya kupima virusi vya ukimwi pamoja. Asiye na mwenza hutakiwa kuleta barua ya serikali ya mtaa au ya kijiji. Tuseme wengi kati ya wale 19 wanasimulia jambo hilo: alikwenda mapema, akarudishwa, mume yuko machimboni, mwenyekiti wa kijiji hakupatikana, au aliona aibu kuomba barua inayomtangaza kuwa hana mume. Wiki zikapita. Dodoso letu halikuuliza lolote kuhusu hilo. Lilihesabu siku aliyopewa kadi kuwa ndiyo siku aliyokwenda mara ya kwanza.

Mtafiti mwenye haraka ataandika hapo hapo kwamba wanawake wanachelewa kwa sababu ya sharti la mwenza. Lakini rudi kwa wale wa kulinganishwa, waliofanana nao na wakawahi. Nao wanasema walitakiwa kuja na waume zao, kituo kilekile, muuguzi yuleyule. Tofauti ni kwamba waume zao walikuwa nyumbani. Kwa hiyo sharti peke yake halielezi kuchelewa. Kinachoeleza ni sharti likikutana na mume aliye mbali. Kama tungewahoji wale 19 tu tusingeliona hilo hata kidogo, kwa maana kila mmoja wao angetuambia habari moja.

Baada ya hapo mkondo wa pili unaturudisha kwenye wa kwanza. Kama dodoso liliuliza iwapo mwenza anaishi nyumbani, tunaweza kuliongeza jambo hilo kwenye modeli tuone kama wale walioonekana kukaidi makadirio sasa wanaeleweka. Kufanya hivyo ni sawa, ila tuseme wazi ni nini. Data iliyotupeleka kwa wanawake hawa haiwezi tena kuwa shahidi huru wa wazo walilotupa. Ikikubali, tumepata dhana iliyokaa vizuri na inayosubiri kupimwa kwingine, katika wilaya nyingine na wanawake wengine. Hatujathibitisha.

Muundo huu una gharama zake, na kubwa kuliko zote ni muda. Kati ya dodoso na mahojiano kuna uchambuzi, na kati ya uchambuzi na mahojiano kuna kamati ya maadili. Ulipoomba kibali hukujua utauliza nini awamu ya pili, kwa hiyo unapeleka mwongozo wa awali, kisha mwongozo halisi unapokuwa tayari unaomba kurekebishiwa kibali. Panga muda wa hilo tangu mwanzo. Wanafunzi wengi hufika hapo muhula umebaki wiki chache, wakaamua kwenda kuhoji na ule mwongozo wa awali. Hapo ndipo utafiti unapovunjika, ingawa kwenye karatasi kila kitu kinaonekana kimefuatwa.

Muundo wa kukutanisha unaonekana rahisi kwa sababu unaingia uwandani mara moja. Ugumu wake umejificha mbele. Ili matokeo mawili yalinganishwe, lazima yawe yanazungumzia kitu kimoja, na hilo haliwezi kurekebishwa baadaye. Dodoso likiuliza juu ya umbali na gharama, huku mahojiano yakiuliza juu ya heshima ya wahudumu na mila, mwishoni una mikondo miwili inayopishana kama magari ya barabara mbili. Wapo wanaoita hali hiyo "kukamilishana". Mimi naona ni kukosa mpango.

Ninachofanya ni kuchora jedwali la pamoja likiwa tupu kabla ya kuandika swali lolote. Upande wa kushoto naweka mambo tunayotaka kuyajua: gharama, umbali, nafasi ya mume, mapokezi kituoni. Safu ya pili ni swali gani la dodoso linaligusa jambo hilo, ya tatu ni sehemu gani ya mahojiano inaligusa, na ya nne, iliyo pana kuliko zote, ni nini tunasema tukizisoma pamoja. Mstari wenye safu moja tupu unajionyesha wenyewe siku hiyohiyo, wakati bado unaweza kuongeza swali.

Chukua mstari wa gharama. Dodoso linauliza, "Je, ulilipia huduma ya kliniki?" na karibu wote wanajibu hapana, jambo la kutarajiwa kwa kuwa sera ya Tanzania inamsamehe mjamzito malipo katika vituo vya umma. Kwenye mahojiano, wanawake walewale wanalalamikia fedha: nauli ya bodaboda, daftari la kununua kadi zinapoisha, kipimo ambacho kituo hakina vitendanishi vyake hivyo akaelekezwa maabara ya nje. Ukisoma haraka utasema mikondo inapingana. Ukiyasoma maneno ya swali utaona haipingani. Dodoso liliuliza kuhusu malipo kwa kituo. Wanawake wanaongea kuhusu fedha inayotoka mkobani siku ya kliniki. Safu ya nne sasa ina jambo ambalo hakuna mkondo mmoja ungelisema peke yake: msamaha wa malipo unafanya kazi, na bado siku ya kliniki ina bei.

Tukisoma mistari ya jedwali namna hiyo, kila mmoja huangukia katika hali mojawapo. Mikondo inakubaliana, au mmoja unaupanua mwingine, au inapingana kweli. Hali ya kwanza haihitaji maneno mengi, na nimeshawaona watu wakiitafuta kwa nguvu, wakichomoa nukuu moja inayofanana na asilimia na kuziacha tano zisizofanana. Hali ya tatu ndiyo inayowatia watu hofu, na kwa maoni yangu ndiyo yenye faida kuliko zote kwa msomaji.

Mfano ambao huwa naurudia darasani unatoka kaskazini mashariki mwa Uingereza. Suzanne Moffatt na wenzake waliuchapisha mwaka 2006. Walikuwa wanajaribu huduma ya kuwapa wazee ushauri wa haki zao za ustawi wa jamii kupitia zahanati za madaktari wa familia: mshauri anamsikiliza mzee, anaangalia anastahili malipo au misaada gani ya serikali ambayo haipati, na anamsaidia kujaza fomu. Washiriki walikuwa 126, wote wenye miaka 60 na kuendelea, wakagawanywa kwa bahati nasibu: wengine walipata ushauri mapema, wengine wakacheleweshewa ili wawe kikundi cha kulinganisha. Sambamba na vipimo vya takwimu, watu 25 kati yao walihojiwa kwa kina.

Takwimu hazikuonyesha tofauti ya maana kati ya vikundi viwili katika afya na hali za kijamii. Mahojiano yalionyesha faida za aina nyingi: wazee walisema wanamudu mahitaji ambayo hapo nyuma yaliwashinda, wasiwasi umepungua, wanaweza kujitegemea zaidi. Matokeo mawili, mradi mmoja, yanatazama pande tofauti.

Njia nyepesi ilikuwepo. Wangeweza kuishia kuchapisha mahojiano kwenye makala moja na takwimu kwenye nyingine, na hakuna ambaye angewauliza. Wao wakaichunguza tofauti yenyewe. Walikagua ubora wa kila mkondo peke yake. Wakaangalia kama waliohojiwa walifanana na waliopimwa. Wakafuatilia jinsi huduma ilivyotolewa kweli, kwa kuwa si kila mzee aliyepata ushauri alikutwa anastahili kitu. Wastani wa kikundi unawachanganya aliyeongezewa kipato na ambaye hakupata lolote. Wakajiuliza pia kama vipimo vya afya walivyotumia viliweza kuyanasa mambo ambayo wazee wenyewe waliyataja kuwa yamebadilika. Hawakumaliza kwa kutangaza mshindi. Walituachia ramani ya mahali ambapo tofauti kama hiyo huzaliwa, na mimi huitumia kwa mpangilio uleule ninapokutana na mstari unaopingana: kwanza ubora, kisha watu, kisha kilichotokea uwandani, kisha kilichopimwa.

Angalia kwamba swali la pili kwenye ramani hiyo, kuhusu watu, linajibika tu kama unajua nani alihojiwa na yuko wapi kwenye data. Tumerudi kwa mtahini wangu na kidole chake. Nilikuwa nadhani swali lake linahusu mfuatano peke yake, kumbe kwenye kukutanisha nalo linauma vilevile. Waliohojiwa wakiwa ni watu tofauti kabisa na waliododoswa, si kosa, ila ukikuta mikondo inapingana hutajua kama ni mambo yanayopingana au ni watu wasiofanana.

Uchague upi? Ninawauliza wanafunzi kitu kimoja: je, tayari unajua unachotaka kuwauliza watu? Anayejua, na anataka kulitazama jambo lilelile kwa macho mawili katika majira yaleyale, achukue kukutanisha, hasa kama hali inabadilika haraka. Mahojiano ya miezi minane baada ya dodoso yanaweza kukuta kituo kina mganga mpya na sharti la barua limeondolewa. Hapo utakuwa unafafanua takwimu za jana kwa habari za leo. Asiyejua bado, anayetegemea takwimu zimwonyeshe fumbo, achukue mfuatano na akubali kusubiri. Kisichokubalika ni kuandika mfuatano kwenye pendekezo, kukusanya vyote wiki moja kwa sababu gari la mradi lilipatikana wiki hiyo tu, na bado kuripoti mfuatano. Ikitokea hivyo, sema ulikutanisha, na uende ukachore jedwali.

Fomu ya ridhaa ninayowapa sasa ina mstari huu karibu na mwisho, wenye visanduku viwili: "Nakubali / Sikubali kutafutwa tena ndani ya miezi sita kwa mazungumzo zaidi kuhusu majibu yangu." Dodoso lenyewe lina namba tu. Majina na simu viko kwenye orodha nyingine, inafungiwa mbali na madodoso, na inachomwa mahojiano yakiisha. Tunaomba namba mbili za simu, ya mama mwenyewe na ya mtu aliyemchagua yeye, maana laini zinabadilika na simu nyingi ni za familia. Anayepiga hasemi habari ya mimba wala kliniki mpaka awe na uhakika kwamba anaongea na mama mwenyewe.